Manukuu ya Kiswahili: ujaze saa za faili ulilopewa, uzipange upya, au uzirekebishe?

Anayetaka kutia manukuu ya Kiswahili kwenye video ya lugha ya kigeni huanza, karibu kila mara, na faili la manukuu ambalo mtu mwingine ameshalitengeneza. Huwa la Kiingereza, au la lugha ileile inayozungumzwa kwenye video. Ndani yake mna vitu viwili tu: maneno, na saa ambazo kila kipande kinaingia na kutoka kwenye skrini. Maneno ni lazima uyabadilishe, hilo halina mjadala. Kinachoamua kama mtazamaji ataweza kusoma, na kama kazi itakuchukua jioni moja au wiki nzima, ni unachofanya na zile saa.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni kujaza: unaacha saa zote zilivyo, unafuta maneno ya kipande na kuandika Kiswahili mahali pake, kipande baada ya kipande. Ya pili ni kupanga upya: unatupa saa zote, unasikiliza sauti mwenyewe na kuamua kila kipande kianze wapi na kiishe wapi. Ya tatu ipo katikati, nami naiita kurekebisha: saa za faili zinabaki kuwa msingi, ila una ruhusa ya kuunganisha vipande, kuvigawa, na kusogeza mwisho wake mahali penye ukimya.

Wengi huanza na kujaza kwa sababu ndiyo njia inayojitokeza yenyewe ukifungua faili. Katika video nyingi, njia hiyo ndiyo inayozaa manukuu yanayokimbia kabla macho hayajafika mwisho wa mstari.

Kipimo cha kulinganishia

Kusomeka kunapimika. Hesabu herufi zote za kipande, pamoja na nafasi na alama za uandishi, ugawanye kwa sekunde ambazo kipande kinakaa kwenye skrini. Jibu ni herufi kwa sekunde. Miongozo ya Netflix kwa lugha nyingi huweka kikomo cha herufi 17 kwa sekunde kwa vipindi vya watu wazima. TED, shirika la mihadhara mifupi, huruhusu hadi 21. Zote mbili zinakubaliana kwamba mstari usizidi herufi 42, kipande kisizidi mistari miwili, na kisikae zaidi ya sekunde 7. Kipande kifupi kuliko sekunde moja hivi hupita kama kimulimuli.

Kwa Kiswahili mimi hushikilia 17 kwa tamthilia na mahojiano, na hushuka hadi 15 kwa video za mafunzo. Anayejifunza anatazama mikono ya mfundishaji huku akisoma, na macho hayawezi kuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja. Isitoshe wengi wanatazama kwenye simu, ambako hata mstari wa herufi 42 ni mdogo kweli.

Kipande kimoja, njia tatu

Tuchukue mfano. Mfugaji nyuki anazungumza Kifaransa huku amesimama juu ya mzinga ulio wazi. Anasema kwamba unapofungua mzinga wakati wa baridi usitoe fremu zote kwa mara moja, kwa kuwa mabuu hupoteza joto na kufa. Faili ulilopata limeyagawa maneno yake katika vipande vitatu. Ukijaza, unapata hivi:

```
12
00:01:04,200 --> 00:01:05,900
Unapofungua mzinga wakati wa baridi,

13
00:01:05,980 --> 00:01:07,600
usitoe fremu zote kwa wakati mmoja,

14
00:01:07,680 --> 00:01:10,400
kwa sababu mabuu hupoteza joto
na kufa haraka sana.
```

Tafsiri ni sahihi na Kiswahili hakina kasoro. Sasa pima. Kipande cha 12 kina herufi 36 katika sekunde 1.7, sawa na 21.2 kwa sekunde. Cha 13 kina 35 katika sekunde 1.62, yaani 21.6. Cha 14 kina 50 katika sekunde 2.72, yaani 18.4. Vyote vitatu vimevuka kikomo, na viwili vya kwanza vimevuka hata kile cha TED. Baya zaidi ni kwamba skrini inabadilika mara tatu katika sekunde sita, na kila inapobadilika macho hulazimika kurudi mwanzo wa mstari. Mtazamaji anasoma «usitoe fremu zote» na hajui bado ni kwa nini, kisha sababu inamjia katika kipande anachokikosa nusu.

Ukirekebisha, maneno yaleyale yanakuwa hivi:

```
12
00:01:04,200 --> 00:01:07,600
Ukifungua mzinga kwenye baridi,
usitoe fremu zote pamoja,

13
00:01:07,680 --> 00:01:10,920
kwa sababu mabuu hupoteza joto
na kufa haraka sana.
```

Hapa pametumika dawa mbili tofauti, na ni vizuri kuzitenganisha. Kipande cha kwanza kimeponywa kwa kuunganisha na kupunguza maneno. Vipande viwili vimekuwa kimoja cha sekunde 3.4 chenye herufi 56, sawa na 16.5 kwa sekunde. Kuunganisha peke yake kusingetosha, kwa sababu herufi zingebaki zilezile na muda karibu uleule. Kumeleta utulivu tu. Kasi imeshuka kwa sababu «unapofungua» imekuwa «ukifungua», «wakati wa baridi» imekuwa «kwenye baridi», na «kwa wakati mmoja» imekuwa «pamoja».

Kipande cha pili hakikupoteza hata neno moja. Baada ya kumaliza sentensi, mfugaji ananyamaza hadi 00:01:12,100, na picha inakatwa kwenda nyingine saa 00:01:11,000. Kuna ukimya wa bure pale. Nimesogeza mwisho wa kipande hadi fremu mbili za video kabla ya mkato wa picha, ambazo kwa video ya fremu 25 kwa sekunde ni milisekunde 80. Sasa herufi 50 zina sekunde 3.24, yaani 15.4 kwa sekunde. Ningeweza kuuvuka ule mkato na kupata muda zaidi, lakini kipande kinachobaki skrini baada ya picha kubadilika huwafanya wengi wakisome upya wakidhani ni kipya.

Je, kupanga upya kungeleta nini? Ukisikiliza kwa makini huku ukitazama mchoro wa sauti, unakuta kwamba mfugaji ameanza kusema saa 00:01:04,040. Faili limechelewa kwa milisekunde 160. Ukianza hapo, kipande cha kwanza kinapata sekunde 3.56, na unaweza kurudisha «wakati wa baridi» badala ya «kwenye baridi»: herufi 59, kasi 16.6. Ni faida, na inaonekana. Lakini umeipata kwa kusikiliza sekunde zilezile mara kadhaa, na utafanya hivyo kwa kila sentensi ya video nzima. Kwa faili lililopangwa vizuri na mtu makini, faida hiyo ni ndogo mno kulinganisha na kazi yake.

Kiswahili kinarefuka wapi, na kinafupika wapi

Watu husema Kiswahili ni kirefu kuliko Kiingereza kwa hiyo manukuu yake hayawezi kutosha. Si kweli kwa jumla, na anayeamini hivyo hukata maneno mahali pasipo haja. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja. «Sitakuambia» ina herufi 11 na ni sentensi kamili. «Hawajatuona» ni sentensi kamili pia. Katika mazungumzo ya kila siku, kwenye tamthilia ya familia kwa mfano, unaweza kujaza kipande baada ya kipande na kasi isifike hata 14. Huko kujaza kunafaa kabisa, na atakayeng'ang'ania kupanga upya atakuwa anajichosha.

Kinachorefuka ni majina ya vitu na vyeo. «Chama cha ushirika cha wafugaji nyuki» ni herufi 37, karibu mstari mzima, kwa kitu ambacho Kifaransa cha msemaji kinaweza kukitaja kwa neno moja la kifupisho. Viunganishi vya «-a» vinaongezeka kila jina linaporefuka. Kwa sababu hiyo video za mafunzo, habari na sayansi ndizo zinazovunja kujaza, wala si tamthilia. Jina refu liandikwe kamili mara ya kwanza, tena mahali penye muda, kisha baadaye «ushirika» inatosha.

Tarakimu nazo husaidia kuliko watu wanavyodhani. «Kilo mbili za sukari kwa lita moja ya maji.» ni herufi 43, moja zaidi ya mstari. «Kilo 2 za sukari kwa lita 1 ya maji.» ni 36, na jicho huishika tarakimu upesi kuliko neno. Kwa vipimo, bei na tarehe, mimi huandika tarakimu kila mara.

Unapopunguza, kuna vitu visivyoguswa: kukanusha, masharti, idadi na majina ya dawa au vifaa. Ukifuta «kwenye baridi» katika mfano wetu, umemwambia mfugaji wa Tabora kwamba kamwe asitoe fremu zote, jambo ambalo mfundishaji hakusema. Vinavyofutika bila hasara ni marudio, «kama nilivyosema», «kwa kweli», jina la mtu ambaye anaonekana, na kitendo ambacho picha yenyewe inakionyesha. Kama mikono ya mfugaji tayari iko ndani ya mzinga, hata «ukifungua mzinga» ingeweza kuondoka siku muda unapokuwa mfinyu zaidi.

Lugha zinazoweka kitenzi mwishoni

Kikorea, Kijapani na Kituruki huhifadhi kitenzi hadi mwisho wa sentensi, na kukanusha kunakuja pamoja nacho. Tamthilia za Kikorea na Kituruki zina watazamaji wengi kwetu, kwa hiyo jambo hili si la nadharia. Faili linalofuata sauti litaigawa sentensi mahali msemaji anapovuta pumzi, na mara nyingi kipande cha kwanza hakina kitenzi kabisa.

Wakati mwingine Kiswahili kinakubali bila shida. Msemaji anataja kwanza barua, ananyamaza, kisha anasema hakuisoma. Unaandika «Ile barua uliyoniandikia...» katika kipande cha kwanza na «sikuisoma.» katika cha pili. Kile kiambishi cha mtendwa, «-i-», kinaturuhusu kuitanguliza barua bila sentensi kusikika ngeni, na mshtuko unamfikia mtazamaji wakati uleule ambao uso wa mwigizaji unabadilika. Hapa kujaza kunashinda njia nyingine zote. Ukiunganisha vipande hivyo viwili umeharibu tukio, kwa kuwa mtazamaji atasoma «sikuisoma» mwigizaji akiwa bado hajafungua mdomo kuitamka.

Wakati mwingine haiwezekani. Lugha hizo huweka maelezo ya nomino kabla ya nomino yenyewe. Msemaji anaanza na «jana sokoni», anaongeza kitenzi cha kuona, na «mtu» anakuja mwishoni, pengine katika kipande kinachofuata. Kiswahili kinataka «mtu niliyemwona jana sokoni», na «mtu» lazima atangulie. Anayejaza hujikuta ameandika kipande kama «niliyemwona jana sokoni» kikiwa kimening'inia peke yake, halafu «mtu yule». Hilo ndilo chimbuko la yale manukuu ambayo kila neno ni Kiswahili lakini sentensi hazishikiki. Hakuna kupunguza maneno kutakakoliponya. Unganisha vipande, andika sentensi nzima, kisha kama ni ndefu igawe upya mahali ambapo Kiswahili kinapumua.

Kwa hiyo mimi hutafsiri fungu zima kwanza pembeni, sentensi kwa sentensi, ndipo nirudi kulikata katika vipande. Anayejaza hufanya kinyume, na faili linamfanyia uamuzi wa sintaksia bila yeye kujua.

Mkato wa mstari ndani ya kipande una kanuni moja inayozidi nyingine zote: usiache «wa», «ya», «cha», «kwa» au «na» mwishoni mwa mstari wa juu. Ziende chini pamoja na neno zinalolifungulia njia. Kata baada ya koma kama ipo.

Faili linapokuwa bovu, panga upya

Hadi hapa nimedhani kwamba saa za faili ni nzuri. Mara nyingi si nzuri, na ni heri ujue mapema kuliko kugundua ukiwa umeshatafsiri nusu.

Tatizo la kwanza ni kupishana. Cheza video dakika ya kwanza, katikati, na dakika ya mwisho, ukiangalia kama kipande kinaingia sauti inapoanza. Kama kila mahali kimechelewa kwa kiasi kilekile, faili limetengenezwa kwa nakala yenye utangulizi mrefu zaidi. Unasogeza saa zote kwa mara moja na kazi imeisha. Kama mwanzo unalingana lakini kadiri unavyoendelea tofauti inakua, ni suala la fremu kwa sekunde. Faili la nakala ya 23.976 likiwekwa kwenye nakala ya 25 hukosea kwa sekunde 24 na nusu hivi kila dakika kumi za faili. Programu ya Subtitle Edit ina chaguo la kubadilisha kiwango cha fremu, na hurekebisha faili zima papo hapo. Kama saa zinalingana kisha zinaruka ghafla katikati, kuna sehemu ya video iliyokatwa, pengine tangazo, nawe utasogeza kuanzia hapo kwenda mbele. Hali hizi tatu hazihitaji kupanga upya, ingawa kwa macho faili linaonekana limeharibika kabisa.

Tatizo la pili ndilo linalohitaji. Faili lililotokana na manukuu ya kiotomatiki ya YouTube huwa na vipande vinavyopandana, mstari uleule ukirudiwa katika kipande kinachofuata, mara nyingi bila nukta wala koma, na mkato ukiwa katikati ya kirai. Saa hizo zilipangwa ili maneno yatokee yakipanda moja baada ya jingine, hazikupangwa kwa mtu anayesoma tafsiri. Usijaribu kuzirekebisha. Tumia maneno yake kama msaada wa kusikia, saa uzitupe.

Dalili nyingine ni vipande vifupi vingi mfululizo, vya chini ya sekunde moja, au kipande kinachobaki sekunde kumi huku msemaji ameshanyamaza. Kagua vipande thelathini vya kwanza. Kama theluthi yake ina kasoro za namna hiyo, saa za faili zima haziaminiki.

Video ambayo watu wawili wanakatizana, kama mdahalo wa kisiasa, nayo ni ya kupanga upya hata kama faili ni zuri. Mpangaji wa kwanza amekwisha kuamua nani apewe mstari na nani aachwe, kwa kufuata urefu wa maneno ya lugha yake. Uamuzi huo unapaswa kuwa wako. Weka wasemaji wawili katika kipande kimoja, kila mmoja mstari wake ukianza na kistari, na yule anayesema jambo dogo la kuitikia tu mwache.

Usitegemee Kiingereza peke yake

Anayejaza kutoka faili la Kiingereza wakati video ni ya Kifaransa au Kikorea anatafsiri tafsiri ambayo tayari imepunguzwa. Akipunguza tena, yamepotea mara mbili. Zaidi ya hayo, Kiingereza hakisemi kama anayeambiwa ni mmoja au ni wengi, nawe unapaswa kuchagua kati ya «fungua» na «fungueni». Hakisemi kwa uwazi kama kijana anazungumza na mzee kwa heshima au kwa utovu wa adabu, lakini Kikorea kinasema katika kila kitenzi, na mtazamaji wa Kiswahili anasubiri kusikia «mama», «shemeji» au «mzee wangu» mahali pake. Hata kama hujui lugha ya asili, tazama picha kabla ya kuandika: nani yupo, wangapi, wanatazamana vipi. Maneno haya ya heshima yanaongeza herufi, kwa hiyo hutaweza kuyatia kama umebanwa na saa za faili. Kwa tamthilia, sababu hii peke yake inatosha kuchagua kurekebisha.

Programu

Kwa kujaza, YouTube Studio inatosha kama video ni yako, mradi una bando la kutosha kukaa mtandaoni muda wote wa kazi. Kwa kurekebisha, napendelea Subtitle Edit ya Windows. Inaonyesha herufi kwa sekunde za kila kipande unapoandika, na ukishaiwekea kikomo chako, vipande vinavyozidi vinageuka rangi. Hiyo ndiyo huduma inayobadilisha kazi, kwa sababu unakata maneno kipande kikiwa bado mbele yako badala ya kurudi baadaye. Kwa kupanga upya kuanzia mwanzo, Aegisub ina mkono mwepesi zaidi: unabonyeza mahali sauti inapoanzia na inapoishia kwenye mchoro, unathibitisha, inakupeleka kipande kinachofuata. Inaendeshwa kwenye Windows, Mac na Linux. Yenyewe huhifadhi kwa `.ass`, hivyo mwishoni toa nakala ya `.srt`. Zote mbili ni za bure. Kwa simu peke yake, kujaza kunawezekana kwa shida, kupanga upya nakushauri usianze.

Hifadhi faili kwa UTF-8 na ulipe jina la video pamoja na `sw`, kwa mfano `nyuki.sw.srt`, ili kichezeshi kilitambue.

Ushauri kwa video iliyo mbele yako

Chukua dakika mbili za katikati ya video, si za mwanzo, kwa kuwa mwanzo huwa na salamu na muziki. Jaza kwa uaminifu, bila kupunguza neno. Kisha tazama kasi. Kama karibu vipande vyote viko chini ya 17 na sentensi zinasomeka, endelea kujaza hadi mwisho na uguse vile vichache vilivyozidi. Kama kipande kimoja kati ya vitano au zaidi kimezidi, rekebisha. Usijidanganye kwamba sehemu zilizobaki zitakuwa nyepesi. Kama umeshindwa hata kujaza kwa sababu vipande vimekata sentensi vibaya au havilingani na sauti, na ile tiba ya fremu haikusaidia, panga upya.

Kuna video ambazo jibu ni kutotumia manukuu. Kama watazamaji wako ni watu wasiosoma kwa wepesi, au wanatazama mikono yao ikifanya kazi, sauti ya Kiswahili juu ya video itawafaa zaidi. Wasimuliaji wa sinema kama Lufufu Tanzania na DJ Afro Kenya walipata umati mkubwa kwa kutumia sauti tu, na mfundishaji wa ufugaji nyuki anaweza kufuata njia hiyo kwa utulivu zaidi.

Jambo la mwisho la kuamua ni kama manukuu yatabaki faili la pembeni au yatachomwa ndani ya picha. Video itakayosambazwa WhatsApp lazima yachomwe, kwa kuwa faili la pembeni halisafiri nayo. Kwa programu ya `ffmpeg`, amri ni hii:

```
ffmpeg -i nyuki.mp4 -vf subtitles=nyuki.sw.srt -c:a copy nyuki_sw.mp4
```

Yakishachomwa hayarekebishiki, kwa hiyo kabla ya amri hiyo mpe simu mtu asiyejua lugha ya video, atazame mara moja bila wewe kumweleza lolote. Kaa kando yake na uandike saa kila anaporudisha nyuma, na kila anapokuuliza «amesemaje?». Anaporudisha nyuma, fungua kipande hicho na upime: mara nyingi kasi imezidi, au kipande kimekatwa katikati ya kirai. Anapouliza ingawa kasi iko chini ya 15, tatizo ni tafsiri, na kuongeza muda hakutasaidia kitu.